Mkimbio Mmoja wa Durban: Kusoma Hesabu za Kriketi Mechi Ikiendelea

Usiku wa tarehe 3 Machi 2003, mvua ilikuwa ikinyesha kwenye uwanja wa Kingsmead mjini Durban. Afrika Kusini, mmoja wa wenyeji wa Kombe la Dunia la kriketi, ilikuwa ikisaka mikimbio 269 ili iifunge Sri Lanka. Waamuzi walikuwa karibu kusimamisha mchezo, na ujumbe ulikuwa umetoka kwa wenzao waliokaa nje: ova ya 45 ikiisha, timu iwe na 229. Mpira wa tano wa ova hiyo Mark Boucher aliupiga ukavuka mpaka bila kugusa chini. Mikimbio sita, na ubao ukasoma 229. Mpira wa mwisho aliuzuia tu, wala hakukimbia. Mvua ikazidi, wachezaji wakatoka, na mechi haikuendelea tena.

Kumbe 229 ilikuwa alama ya sare. Ili kushinda walihitaji 230. Afrika Kusini ikaaga mashindano nyumbani kwake, na kutoka kundi lile zikasonga Sri Lanka, New Zealand na Kenya, ile Kenya iliyokuja kufika nusu fainali.

Ikiwa timu ya taifa ilijikwaa kwenye hesabu hiyo, si ajabu kwamba watu wengi wanaobeti kriketi mechi ikiwa inaendelea hupoteza pesa kwa kutoielewa. Kampuni za kubeti siku hizi huweka mechi za kriketi karibu kila siku, na kijana wa Dar es Salaam au Nairobi aliyezoea mpira wa miguu hukuta kwenye simu yake namba zinazobadilika kila baada ya nusu dakika. Anayeziangalia kama anavyoangalia bao moja kwa bila anakuwa anatoa pesa akiwa amefumba macho. Zinastahili kuelezwa polepole.

Mechi ya ova chache ni ya aina mbili kubwa: ya ova 50 kwa kila timu, na ya ova 20. Ova moja ni mipira sita halali. Timu ya kwanza hupiga mpaka ova zake ziishe au wapigaji wake kumi watolewe, na kila anayetolewa huhesabiwa kuwa wiketi moja imeanguka. Kisha timu ya pili huingia kusaka idadi iliyowekwa, kwa ova zilezile na wiketi kumi zilezile. Ndiyo maana alama huandikwa kwa namba mbili. 100 kwa 2 maana yake ni mikimbio 100, wiketi mbili zimeanguka, nane bado zipo.

Namba ambayo runinga hupenda kuionyesha ni kasi ya mikimbio, yaani wastani wa mikimbio kwa ova. Ni rahisi kuielewa, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Tuseme timu iko kwenye ova ya 20 ya mechi ya ova 50 na ina mikimbio 100. Kasi ni 5 kwa ova, na mtu akiikokotoa mpaka mwisho anapata 250. Lakini timu yenye 100 kwa 2 na timu yenye 100 kwa 4 zina kasi moja, na mtazamaji yeyote wa kriketi atakuambia haziko mahali pamoja. Timu ya kwanza inaweza kuanza kupiga kwa nguvu mapema, kwa sababu akitolewa mtu wapo wengine wanaojua kupiga. Ya pili lazima ijilinde. Wanaofuata kuingia ni warushaji ambao kazi yao si kupiga, na ova zinaweza kubaki bila mtu wa kuzitumia.

Frank Duckworth na Tony Lewis, Waingereza wawili waliobobea katika takwimu, ndio walioliweka jambo hilo kwenye jedwali. Njia yao ilitumika katika mechi ya kimataifa kwa mara ya kwanza tarehe 1 Januari 1997, Zimbabwe ilipocheza na Uingereza mjini Harare. Lengo lilikuwa kugawa haki mvua inapokata mchezo. Mwaka 2014 Steven Stern alichukua usimamizi wa njia hiyo, na tangu hapo herufi zinazoonekana kwenye skrini ni DLS.

Wazo lao ni kwamba timu inayopiga ina akiba ya aina mbili, ova na wiketi, na akiba hizo hazitenganishwi. Timu yenye ova 50 na wiketi 10 ina asilimia 100. Jedwali lao la kawaida, lile linalotumika pasipo kompyuta, linasema timu iliyobakiza ova 30 na wiketi 8 bado ina asilimia 67.3 ya akiba yake. Ikiwa na ova hizohizo 30 lakini wiketi 6, imebaki na asilimia 54.1. Ikiwa na wiketi 4, asilimia 33.6 tu.

Sasa tazama zikibaki ova 10. Wiketi 8 ni asilimia 30.8, wiketi 6 ni 28.3, na wiketi 4 ni 22.8. Tofauti kati ya wiketi nane na sita, iliyokuwa zaidi ya asilimia 13 zilipobaki ova 30, imepungua hadi 2.5. Wiketi inayoanguka mapema huondoa sehemu kubwa ya zamu nzima. Inayoanguka mwishoni huondoa kidogo, kwa kuwa hata kama isingeanguka, ova za kuitumia hazikuwepo. Odi za moja kwa moja huruka kila wiketi inapoanguka, na mtu asiyejua mteremko huu hawezi kujua kama zimeruka kwa kiasi kinachostahili au la.

Kwa kutumia jedwali, hesabu ya jumla ya zamu huwa hivi. Chukua mikimbio ambayo timu tayari inayo, kisha ongeza sehemu iliyobaki ya akiba mara alama ya kawaida ya uwanja huo. Alama ya kawaida ni ile ambayo timu inayoanza kupiga huifikia mara nyingi katika mazingira yale. Kuna viwanja ambako 300 si kitu kwa ova 50, na kuna vingine ambako 230 inatosha kushinda. Tuseme hapa ni 270. Timu yenye 100 kwa 2 baada ya ova 20 inategemewa kuongeza asilimia 67.3 ya 270, ambayo ni karibu 182, kwa hiyo jumla ni 282. Timu yenye 100 kwa 4 itaongeza karibu 146 na kuishia 246. Kasi iliwapa wote wawili 250. Wiketi mbili zimeleta tofauti ya mikimbio 36, na kwenye beti ya juu au chini ya idadi fulani, mikimbio 36 ni pengo kubwa mno.

Udhaifu wa hesabu hiyo ni ile 270. Ukikosea kuikisia, kila kinachofuata kimekosewa. Mtu makini huibadilisha mechi ikiendelea: mpira ukiwa unakwama kwenye pichi na warushaji wa mzunguko wakiupindisha sana, huishusha. Umande wa usiku ukilowanisha mpira mpaka warushaji washindwe kuushika vizuri, huipandisha.

Kasi ya mwanzo nayo hudanganya kwa sababu ya kanuni. Katika mechi ya ova 20, ova sita za kwanza huruhusu walinzi wawili tu kusimama mbali, nje ya duara. Uwanja uko wazi na mikimbio huja kirahisi. Baada ya hapo walinzi watano wanaruhusiwa kurudi nyuma, na kasi mara nyingi hushuka hadi ova za mwisho ambapo wapigaji hujitosa. Timu yenye 60 baada ya ova sita ina kasi ya 10, lakini anayeikokotoa mpaka 200 anapuuza kwamba sehemu rahisi ya zamu imeshapita.

Turudi Durban, maana jedwali hilohilo linaonyesha 229 ilitoka wapi. Sri Lanka ilikuwa imefunga 268. Afrika Kusini ilikuwa imebakiza ova 5 na wiketi 4, akiba ya asilimia 14.3. Maana yake ilikuwa imetumia 85.7. Zidisha 268 kwa asilimia 85.7, utapata 229.7. Desimali inaachwa, na 229 ndiyo alama ya usawa, mahali ambapo timu mbili zingekuwa sawasawa mechi ikikatwa papo hapo. Ushindi unaanza kwenye 230. Kama Afrika Kusini ingekuwa na wiketi 6 badala ya 4, akiba iliyobaki ingekuwa asilimia 16.1 na alama ya usawa 224. Kwa 229 ile waliyokuwa nayo wangekuwa wamesonga mbele.

Kwa mtu anayebeti, alama hiyo ya usawa ina kazi hata siku ya jua kali. Inampa mizani ya kupima msako mpira kwa mpira: timu iko mbele au nyuma kwa mikimbio mingapi, ova na wiketi zote zikihesabiwa? Ndivyo ilivyokuwa mjini Bridgetown, Barbados, tarehe 29 Juni 2024, katika fainali ya Kombe la Dunia la ova 20.

India ilifunga 176 kwa 7. Afrika Kusini, ikihitaji 177, ilifika 123 kwa 4 baada ya ova 14. Axar Patel alirusha ova ya 15 na Heinrich Klaasen akaiadhibu. Ova hiyo moja ilitoa mikimbio 24. Ubao ukasoma 147 kwa 4, na zilibaki mikimbio 30 kwa mipira 30, wiketi sita zikiwa bado zipo.

Kila kipimo kiliielekea Afrika Kusini. Kasi iliyohitajika ilikuwa 6 kwa ova, wakati hadi hapo walikuwa wakipata 9.8. Kwa jedwali, mechi ya ova 20 huanza na asilimia 56.6 ya akiba ya zamu kamili. Zikibaki ova 5 na wiketi 6 ni 16.1, sawa na asilimia 28 ya walichoanza nacho. Wametumia karibu 72, na asilimia 72 ya 176 ni 126. Alama ya usawa 126, wao wana 147. Mikimbio 21 mbele! Anayesoma namba peke yake angesema mechi imekwisha.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo jedwali halilijui: nani atarusha ova tano zilizobaki. Katika mechi ya ova 20 mrushaji haruhusiwi kuzidisha ova nne. Axar Patel na Kuldeep Yadav, warushaji wa mzunguko waliokuwa wametoa mikimbio 94 kwa ova nane kati yao, walikuwa wamemaliza zamu zao. Jasprit Bumrah alikuwa bado na ova mbili. Zilizosalia zingekuwa za Arshdeep Singh na Hardik Pandya. Kwa maneno mengine, mikimbio mingi ya Afrika Kusini ilikuwa imetoka kwa watu ambao hawangerudi tena, na 30 iliyobaki ilipaswa kutoka kwa wale ambao hadi hapo hawakupigika.

Bumrah alirusha ova ya 16 na kutoa mikimbio minne. Zikawa 26 kwa mipira 24. Mpira wa kwanza wa ova ya 17, Hardik alimtoa Klaasen, aliyekuwa na 52 kwa mipira 27, akidakwa na Rishabh Pant nyuma ya wiketi. Ova hiyo nayo ikatoa minne: 22 kwa mipira 18. Bumrah akarudi, akamtoa Marco Jansen na kutoa miwili tu, na ghafla kasi iliyohitajika ikawa 10 kwa ova. Arshdeep akatoa minne na ikapanda hadi 16. Mpira wa kwanza wa ova ya mwisho, David Miller aliupiga juu kuelekea mpakani na Suryakumar Yadav akaudaka kwenye ukingo wenyewe. Afrika Kusini ikaishia 169 kwa 8. India ikashinda kwa mikimbio saba.

Hesabu ya mikimbio 21 mbele haikuwa ya uongo. Ilieleza timu ya wastani dhidi ya warushaji wa wastani, na pale hapakuwa na wastani. Pia kwa jedwali wiketi ya Klaasen ni wiketi tu, sawa na ya mtu mwingine yeyote, ilhali Klaasen ndiye aliyekuwa akiubeba msako. Kabla ya kuamini alama ya usawa inafaa kuuliza maswali mawili yasiyohitaji kikokotoo: nani kabaki kurusha, na ova ngapi? Nani kabaki kupiga?

Mambo yanaweza kugeuka upande wa pili pia. Tarehe 7 Novemba 2023 kwenye uwanja wa Wankhede, Mumbai, Afghanistan iliifungia Australia 291, na Australia ikaanguka hadi 91 kwa 7. Walihitaji 201 zaidi, na ova zilizobaki zilikuwa 31 na ushei. Kasi hiyo, chini kidogo ya 6.4, ni ya kawaida kabisa. Kilichokosekana ni wapigaji. Kisha Glenn Maxwell, akiwa amekakamaa misuli kiasi cha kushindwa kukimbia, akapiga 201 peke yake na kumaliza mechi, huku nahodha Pat Cummins akimlindia upande wa pili kwa mikimbio 12 katika mipira 68. Mtu aliyebeti Afghanistan wakati ule hakuwa amefanya ujinga. Nafasi ndogo nayo hutokea mara mojamoja, na ndiyo sababu odi ya 1.05 haimaanishi hakika. Inamaanisha kwamba ukiweka shilingi 1,000 unaihatarisha yote ili kupata 50.

Hapo ndipo hesabu ya kriketi inapokutana na hesabu ya pesa, na hii ya pili ni ngumu zaidi kuishinda. Kampuni ikiweka jumla ya zamu kuwa 165.5, na odi ya 1.85 upande wa juu na 1.85 upande wa chini, gawanya 1 kwa 1.85 na utapata asilimia 54. Pande mbili zikijumlishwa zinazidi 108, wakati ukweli hauwezi kuzidi 100. Ile ziada ni chumo la kampuni. Mtu anayepatia nusu ya beti zake, mia moja za shilingi 1,000 kila moja, atarudishiwa 92,500 baada ya kutoa 100,000. Ili tu asipoteze lazima apatie zaidi ya 54 kwa mia, mwezi hadi mwezi, dhidi ya kompyuta inayojua jedwali la Duckworth na Lewis na pia inajua Bumrah amebakiza ova ngapi.

Kompyuta hiyo, tena, inajua mapema. Kampuni kubwa hulishwa taarifa za kila mpira na watu walio uwanjani, wakati picha ya runinga au ya simu hufika sekunde kadhaa baadaye, na ya mtandaoni huchelewa zaidi. Anayeona mpigaji akitolewa na kukimbilia kubonyeza huikuta beti imeshafungwa. Kufungwa huko, pamoja na zile sekunde ambazo mkeka hukaa ukisubiri kukubaliwa, kumewekwa makusudi ili asipatikane wa kubeti jambo lililokwisha kutokea. Kwa hiyo mwenye simu hawezi kushindana kwa wepesi. Nafasi yake, kama ipo, iko katikati ya ova au mapumziko ya kinywaji, pale anapoweza kukaa na namba zake na kuona kama idadi iliyowekwa na kampuni imetofautiana na yake kwa kiasi kikubwa kuliko makosa ya kawaida ya makadirio. Makosa hayo si madogo. India kule Bridgetown ilikuwa 34 kwa 3 baada ya mipira 27, kasi iliyoelekea 151 hata kabla ya kukata chochote kwa ajili ya wiketi tatu zilizoanguka mapema. Ikafunga 176.

Mechi ya ova 20 kwa kila upande ina mipira 240, na kampuni nyingi hufungua beti kwa kila ova, hata kwa kila mpira. Ziada ile ya asilimia nane hukatwa kila mara, na anayeweka mikeka thelathini ndani ya mechi moja akitaka kurudisha alichopoteza kwenye ova ya nne anaikatia kampuni mara thelathini. Kitufe cha kuchukua pesa kabla mechi haijaisha kina makato yake pia, kwa sababu bei wanayompa mteja huwa chini ya thamani halisi ya mkeka wake wakati huo.

Na mvua ikinyesha? Mshindi wa mechi kwa kawaida hulipwa kulingana na matokeo rasmi, pamoja na yale yaliyoamuliwa kwa DLS. Beti za jumla ya zamu ni habari nyingine. Kampuni nyingi huzifuta na kurudisha dau ova zikipunguzwa, isipokuwa pale ambapo idadi ilikuwa imeshavukwa kabla ya mchezo kukatwa. Kanuni hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na huandikwa kwenye ukurasa ambao watu wachache huufungua. Mawingu yakianza kukusanyika juu ya uwanja, ukurasa huo unafaa kusomwa kabla ya kuangalia odi yoyote.